Sura ya 7: Nani Aliigusa Ripoti?

Mkaguzi anayetaka kupima akiba ya madeni mabaya huanza na ripoti ya umri wa madeni. Ripoti hii hupanga kila deni la mteja kwa kuhesabu siku zilizopita tangu tarehe ya kulipa. Safu ya kwanza ni ya siku 0 hadi 30, ya pili 31 hadi 60, ya tatu 61 hadi 90, na ya mwisho ni ya madeni yaliyopitisha siku 90. Kampuni huweka asilimia ya hasara kwa kila safu, ikazidisha, na jumla inayopatikana ndiyo akiba inayoingia kwenye hesabu za mwaka. Kiwango cha IFRS 9 kinaruhusu njia hii kwa madeni ya biashara, na kampuni nyingi za Afrika Mashariki huitumia.

Ripoti hiyo imetoka kwenye kompyuta, hakuna aliyeikokotoa kwa mkono. Kwa hiyo, kabla mkaguzi hajaitegemea, lazima ajibu maswali mawili. La kwanza: nani angeweza kubadilisha takwimu zilizoingia kwenye ripoti? La pili: nani angeweza kubadilisha programu inayozipanga? Ukiitazama ripoti yenyewe mchana kutwa hutapata jibu. Jibu liko kwenye taratibu zinazouzunguka mfumo mzima, yaani udhibiti wa jumla wa TEHAMA. Swali la kwanza ni la haki za watumiaji. La pili ni la usimamizi wa mabadiliko.

Kiwango cha ukaguzi cha ISA 315, kilichorekebishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2021 au baada yake, kinamtaka mkaguzi atambue hatari zinazotokana na matumizi ya TEHAMA na udhibiti wa jumla unaozikabili. Kwa wakaguzi walio chini ya NBAA Tanzania au ICPAK Kenya, hiyo ni sehemu ya kazi yao. Sura hii inaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa mfano mmoja tutakaoufuata mwanzo hadi mwisho.

Kampuni ya mfano

Kampuni hii nimeiunda kwa ajili ya sura hii, na takwimu zake ni za mfano. Inasambaza vifaa vya ujenzi kutoka Dar es Salaam na mwaka wake wa fedha unaisha tarehe 30 Juni 2025. Wateja wake wengi huchukua mali kwa mkopo wa siku 30. Mfumo wake wa hesabu unatunza takwimu kwenye kanzidata ya SQL Server, na ripoti ya umri wa madeni hutolewa na kijiprogramu kilichohifadhiwa ndani ya kanzidata hiyo hiyo. Kitengo cha TEHAMA kina watu wawili: meneja, na mwandishi wa programu anayetengeneza ripoti mpya idara zinapoomba.

Mwisho wa mwaka wateja wanadaiwa shilingi bilioni 6.4. Kwa mujibu wa ripoti, bilioni 4.6 ziko kwenye safu ya siku 0 hadi 30, bilioni 1 kwenye 31 hadi 60, milioni 400 kwenye 61 hadi 90, na milioni 400 zimepitisha siku 90. Asilimia za hasara za kampuni ni 1, 5, 15 na 50 kwa mpangilio huo. Ukizidisha na kujumlisha, akiba ni shilingi milioni 356.

Orodha mbili za watu

Jaribio la haki za watumiaji linahitaji orodha mbili zilizotoka kwa watu wawili tofauti. Ya kwanza ni orodha ya akaunti zote zilizo wazi kwenye mfumo. Ya pili ni orodha ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Mkaguzi anazilinganisha, anatafuta jina lililomo kwenye zote mbili.

Ugumu uko kwenye kuzipata orodha zilizo kamili. Ya akaunti haifai kutumwa kwa barua pepe na meneja wa TEHAMA, kwa sababu faili linaloweza kuhaririwa linaweza pia kupunguzwa. Mkaguzi anakaa karibu naye wakati orodha inatolewa, anaona vigezo vilivyotumika, anaandika idadi ya mistari inayoonekana kwenye skrini, kisha anahakikisha faili alilopokea lina idadi hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni kupokea orodha iliyochujwa kwa idara moja bila kujua. Kwenye kampuni yetu, orodha ina akaunti 64 zilizo wazi.

Orodha ya walioacha kazi inatoka kwa ofisa rasilimali watu, na mkaguzi anaipima kwa kulinganisha orodha ya mishahara ya Julai 2024 na ya Juni 2025. Kila aliyekuwepo mwanzoni na hayupo mwishoni lazima aonekane kwenye orodha ya walioondoka. Hata hivyo mishahara haimtaji kila mtu. Vibarua, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo na mafundi wa kampuni iliyouza mfumo hawalipwi kupitia humo, na mara nyingi wana akaunti. Hao wanatafutwa kwenye mikataba.

Walioacha kazi ni 9. Akaunti za watatu bado ziko wazi. Wakaguzi wengi huishia hapo, wakaandika dosari na kufungua ukurasa mwingine. Swali lenye uzito, hata hivyo, ni kama akaunti hizo zimetumika. Mfumo huandika tarehe ya mwisho ambayo kila akaunti iliingia, kwa hiyo mkaguzi anaiweka kando ya tarehe ya mwisho ya kazi. Akaunti mbili hazikuguswa tangu wenyewe waondoke. Ya tatu ilikuwa ya ofisa wa mikopo ya wateja aliyeacha kazi tarehe 28 Februari 2025, na mara ya mwisho iliingia tarehe 22 Mei.

Sasa mkaguzi anatoa kila muamala uliofanywa na akaunti hiyo baada ya 28 Februari. Zinatokea krediti noti 17, zenye jumla ya shilingi milioni 86, zote zimeidhinishwa kwa akaunti ya mtu asiyekuwepo. Aliyeziandaa ni karani mmoja wa mauzo. Anapoulizwa, karani anaeleza kwamba nafasi ya ofisa huyo haikujazwa kwa miezi mitatu, wateja walikuwa wanarudisha mali, na neno la siri alilijua tangu walipokuwa wakifanya kazi pamoja. Basi aliandaa kwa akaunti yake na kuidhinisha kwa ya mwenzake.

Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli tupu. Lakini mfumo ulijengwa ili anayeandaa krediti noti asiwe anayeiidhinisha, na kwa miezi mitatu ulinzi huo haukuwepo. Krediti noti hufuta deni. Mtu anayeweza kuiandaa na kuiidhinisha peke yake anaweza kupokea fedha taslimu za mteja, akazitia mfukoni, kisha akalifuta deni kana kwamba mali ilirudishwa. Ndiyo maana mkaguzi anazifuata krediti noti zote 17 hadi kwenye hati za ghala za kupokea mali iliyorudishwa. Noti 15 zina hati. Mbili, zenye shilingi milioni 9, hazina. Hizo mbili zinapelekwa kwa mkurugenzi wa fedha, na wateja wanaohusika wanaandikiwa barua wathibitishe kama walirudisha mali.

Kuna tabaka jingine la akaunti ambalo orodha ya 64 hailionyeshi. Chini ya mfumo wa hesabu kuna kanzidata, na kanzidata ina watumiaji wake. Anayeingia huko moja kwa moja anapita chini ya vizuizi vyote vya mfumo: hakuna hatua ya kuidhinisha, wala menyu inayofichwa kwa asiyehusika. Mkaguzi anaomba orodha ya wenye haki za juu kabisa kwenye seva, wale waliomo kwenye kundi la `sysadmin`. Anawakuta watatu: meneja wa TEHAMA, mwandishi wa programu, na akaunti ya `sa` inayokuja na SQL Server yenyewe. Neno la siri la `sa` linajulikana na wote wawili, na pia na fundi wa kampuni iliyouza mfumo. Akaunti inayotumiwa na watu watatu haimtaji yeyote. Tutaona gharama yake punde.

Anza na mfumo, si na rejesta

Kampuni ina utaratibu mzuri wa mabadiliko, angalau kwenye maandishi. Idara inaandika ombi. Mwandishi wa programu anafanya kazi kwenye mazingira ya majaribio. Mtu wa idara iliyoomba anajaribu na kusaini. Mkuu wa idara anaidhinisha. Kisha meneja wa TEHAMA, asiye mwandishi wa programu, ndiye anayeyahamishia mabadiliko kwenye mfumo hai. Maombi yote yanaandikwa kwenye rejesta, na rejesta ya mwaka ina maombi 21.

Njia rahisi ni kuchukua rejesta, kuchagua baadhi ya maombi na kutafuta saini. Makampuni mengi ya ukaguzi huchagua 25 pale udhibiti unapofanyika mara nyingi kwa mwaka. Hapa ni 21 tu, kwa hiyo yanaweza kupitiwa yote. Saini zote zipo. Je, mabadiliko yamesimamiwa vizuri? Mkaguzi bado hajui. Amethibitisha kwamba walioandika ombi walipata idhini. Mtu aliyebadilisha programu bila kuomba hayumo kwenye rejesta, na hakuna idadi ya sampuli kutoka kwenye rejesta itakayomfichua. Jaribio lazima lianzie upande wa pili: kwenye mfumo wenyewe, kwa kuuuliza ni programu zipi zimeguswa, halafu kutafuta ombi la kila moja.

Kwenye SQL Server swali hilo huulizwa hivi:

```sql
SELECT name, type_desc, create_date, modify_date
FROM sys.objects
WHERE is_ms_shipped = 0
  AND modify_date >= '20240701'
  AND modify_date <  '20250701'
ORDER BY modify_date;
```

Jibu linaleta jina la kila kitu kilichobadilishwa mara ya mwisho ndani ya mwaka na tarehe yake. Mkaguzi anapaswa kujua mipaka ya jibu hilo. Tarehe ya `modify_date` ni ya badiliko la mwisho tu, kwa hiyo kijiprogramu kilichoguswa mara sita kinaonekana mara moja. Kilichofutwa hakionekani kabisa. Jedwali linaweza kuonekana limebadilishwa kwa sababu tu faharasa yake imetengenezwa upya, kazi ya kawaida ya matunzo. Kwa sababu hizo, idadi ya vitu na idadi ya maombi hazitarajiwi kulingana, na hata zikilingana haithibitishi chochote. Kinachotakiwa ni kuoanisha kimoja kimoja.

Baada ya kuondoa majedwali yaliyobadilika kwa matunzo, zinabaki programu 23. Kati ya hizo, 19 zina maombi yake kwenye rejesta, na tarehe zinafuatana inavyotakiwa: ombi, jaribio, idhini, kisha badiliko. Nne hazina ombi. Mbili ziliguswa usiku mmoja wa Oktoba, wakati kampuni iliyouza mfumo ilipoweka toleo jipya. Mkataba na hati ya majaribio vipo, rejesta ndiyo iliyosahauliwa. Ya tatu inapanga muonekano wa ankara inapochapishwa, na ukilinganisha nakala mbili unaona ni anwani ya kampuni iliyobadilika. Ya nne ni kijiprogramu cha umri wa madeni. Kiliguswa tarehe 19 Juni 2025, siku 11 kabla ya kufunga hesabu.

Mstari mmoja wa programu

Mkaguzi anaomba nakala rudufu ya kanzidata ya tarehe 31 Mei, na inarejeshwa kwenye kompyuta iliyo kando ili mfumo hai usiguswe. Hatua hii inahitaji ruhusa ya mkurugenzi wa fedha na uangalizi wa mtu asiye mwandishi wa programu. Kisha maandishi ya kijiprogramu kwenye nakala hiyo yanawekwa sambamba na yale ya mfumo hai. Tofauti ni mstari mmoja:

```sql
-- nakala rudufu, 31 Mei
DATEDIFF(day, TareheYaKulipa, @TareheRipoti)

-- mfumo hai, 30 Juni
DATEDIFF(day, ISNULL(TareheMalipoMwisho, TareheYaKulipa), @TareheRipoti)
```

Mwanzoni umri ulihesabiwa kutoka tarehe ambayo deni lilitakiwa kulipwa. Sasa, mteja akiwa amelipa chochote kwenye ankara hiyo, umri unahesabiwa kutoka siku aliyolipa mara ya mwisho. Chukua mteja mwenye ankara ya shilingi milioni 40 iliyotakiwa kulipwa Januari. Tarehe 25 Juni analeta shilingi laki tano. Kwenye ripoti mpya, milioni 39.5 zilizobaki zina umri wa siku tano, na zimekaa kwenye safu ya kwanza pamoja na madeni ya wateja wanaolipa kwa wakati.

Mkaguzi anapiga hesabu upya kwa kanuni ya zamani, akitumia orodha ya ankara zisizolipwa badala ya ripoti. Jumla inabaki bilioni 6.4, ila mgawanyo ni mwingine: safu ya kwanza inashuka hadi bilioni 3.8, na iliyopitisha siku 90 inapanda kutoka milioni 400 hadi bilioni 1.2. Safu mbili za katikati hazikubadilika. Akiba inayotakiwa ni milioni 748. Pengo ni shilingi milioni 392, na lote lingeonekana kama faida ya mwaka.

Jumla kutobadilika ni jambo la kuzingatia sana. Ulinganisho unaofanywa kila mwezi kati ya ripoti ya umri na leja kuu ungepita bila tatizo, kwa sababu unapima jumla, na badiliko hili liligusa mgawanyo tu. Udhibiti mmoja unaofanya kazi vizuri hauzibi pengo la mwingine ikiwa unapima kitu tofauti. Kilichoweza kumshtua mhasibu ni safu ya siku 90 kupungua ghafla ndani ya mwezi mmoja bila wateja wakubwa kulipa, na hakuna aliyekuwa akiilinganisha mwezi kwa mwezi.

Nani alibadilisha? Kumbukumbu ya walioingia kwenye seva inaonyesha kwamba aliyeingia ni `sa`. SQL Server ina ufuatiliaji wa msingi unaoandika pia mabadiliko ya programu, lakini hutunza mafaili matano ya hadi megabaiti 20 kila moja, na yakijaa la zamani linafutwa. Kufikia Agosti, mkaguzi alipofika, la Juni lilikuwa limekwenda. Mwandishi wa programu anakiri mwenyewe: meneja wa mauzo alimtumia ujumbe wa simu akilalamika kwamba wateja wanaolipa kidogo kidogo wanaonekana wadaiwa sugu na kufungiwa mkopo, akamwomba arekebishe. Huenda nia ilikuwa kuwasaidia wateja. Lakini meneja huyo analipwa kamisheni kwa mauzo ya wateja hao hao, na kanuni ya kupima hasara ya kampuni si mali ya idara ya mauzo. Ombi hilo lingefika mezani kwa mkurugenzi wa fedha kama utaratibu ungefuatwa, naye angelikataa, au angeagiza ripoti nyingine ya mauzo na kuiacha hii.

Mkaguzi anafanya nini na matokeo haya

Udhibiti ukivunjika, haimaanishi moja kwa moja kwamba hesabu zina kosa. Akaunti mbili kati ya tatu zilizoachwa wazi hazikudhuru kitu, na programu tatu kati ya nne zisizo na ombi zilikuwa na sababu nzuri. Kazi ya mkaguzi ni kuifuata kila dosari hadi pale inapogusa takwimu, au mpaka aoneshe kwamba haikugusa.

Kawaida, programu inayotoa ripoti inaweza kupimwa mara moja tu, kwa kuwa kompyuta hurudia kile kile kila siku hadi mtu aibadilishe. Unafuu huo unategemea usimamizi wa mabadiliko. Hapa umepotea, kwa hiyo kila ripoti muhimu ya mwaka huu inapigiwa hesabu upya kutoka kwenye takwimu ghafi, na haitegemewi kwa neno la mfumo. Ripoti za Juni na za miezi ya nyuma zinatazamwa kila moja peke yake, kwa sababu `modify_date` haisemi kama kijiprogramu kiliguswa pia Novemba na kurudishwa.

Takwimu ghafi nazo haziaminiki hivi hivi. Mwenye `sa` anaweza kubadilisha tarehe ya kulipa ndani ya jedwali kwa amri moja, bila kugusa programu yoyote. Hivyo mkaguzi anachagua ankara 40, akizipa kipaumbele kubwa zilizo kwenye safu ya kwanza, na kulinganisha tarehe zake na hati za karatasi za kupeleka mali zilizosainiwa na wateja. Hati hizo ziliandikwa nje ya mfumo na aliyekuwa na `sa` hakuweza kuzifikia. Zote 40 zinalingana, na sasa hesabu yake ya milioni 748 ina mahali pa kusimama.

Kwa mujibu wa ISA 265, dosari kubwa za udhibiti zinawasilishwa kwa maandishi kwa wanaoisimamia kampuni, hapa bodi ya wakurugenzi. Barua inayofaa inaeleza kilichotokea kwa mpangilio, inataja milioni 392 na krediti noti mbili, kisha inapendekeza mambo yanayowezekana kwa kitengo cha watu wawili. Mwandishi wa programu aondolewe kwenye `sysadmin` na apewe haki ya kusoma tu kwenye mfumo hai. Akaunti ya `sa` ifungwe, kila mtu aingie kwa jina lake, na fundi wa nje afunguliwe anapohitajika na kufungwa anapomaliza. Ofisa rasilimali watu atume taarifa ya anayeondoka kabla ya siku yake ya mwisho, na mshahara wake wa mwisho usilipwe hadi akaunti ifungwe. Kumbukumbu za kanzidata zinakiliwe kila siku kwenye seva ambayo kitengo cha TEHAMA hakiwezi kufuta kitu.

Na kila mwezi, mkurugenzi wa fedha apokee orodha ya programu zilizobadilishwa, iliyotolewa kwa amri ile ile ya mistari michache tuliyoiona, aioanishe na maombi aliyoyasaini yeye mwenyewe. Kazi hiyo inachukua dakika chache. Ingefanyika tarehe 30 Juni, ripoti ya umri ingerudishwa ilivyokuwa kabla hesabu hazijafungwa.